Nywele zimebadilika umbile: jinsi ya kuusoma mpaka wake na kurekebisha mkato

Unywele ukishatoka nje ya ngozi ya kichwa, hauna uhai tena. Haupitishi damu wala hauna neva, na ndiyo maana mkasi hauumizi. Jambo hili kila fundi wa nywele analijua, lakini wachache hulifuata hadi mwisho wake: kama unywele ulioko nje hauna uhai, basi umri, homoni na dawa ya kumeza haviwezi kuubadilisha. Vinaweza kubadilisha tu kile kinachotengenezwa chini ya ngozi. Badiliko lolote linalotoka ndani ya mwili huanzia shinani na kusogea kuelekea nchani taratibu, kadiri nywele zinavyoota.

Kwa hiyo mtu anayesema nywele zake "zimegeuka ghafla" mara nyingi ana nywele za aina mbili kichwani kwa wakati mmoja: za zamani zilizoko nchani na mpya zilizoko shinani. Katikati yake pana mpaka. Mkato uliokuwa ukimpendeza miaka yote ulipangwa kwa ajili ya nywele za aina moja, na sasa unalazimishwa kuzibeba aina mbili. Mwongozo huu unahusu kuutafuta mpaka huo, kuupima na kukata kwa kuufuata. Nauandikia anayeshika mkasi, na pia anayekaa kitini, kwa sababu nimeona watu wengi wakikatwa nywele nzuri bila sababu, kisa tu hakuna aliyechukua dakika kumi kuziangalia.

Kinachobadilika chini ya ngozi

Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, yaani kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi ya kichwa. Umbo la kifuko hicho ndilo huamua umbo la unywele. Kikiwa kimenyooka na kitako chake kiko sawa pande zote, unywele hutoka wa singa, na ukiukata na kuutazama kwa hadubini utaona umekaribia kuwa duara. Kikiwa kimepinda na kitako chake kimeegemea upande mmoja, unywele hutoka ukiwa bapa kidogo na unajikunja: mawimbi, pete, au kipilipili, kutegemea ukali wa mpindo.

Kinyweleo hakifanyi kazi mfululizo. Huotesha unywele kwa miaka kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 6, kisha hujikunyata kwa wiki chache, halafu hupumzika kwa takriban miezi 3 kabla ya kuuachia unywele uanguke na kuanza mwingine. Wakati wowote ule, nywele nyingi kichwani, karibu tisa kati ya kumi, ziko kwenye hatua ya kuota. Zilizobaki, nyingi zake zinapumzika zikisubiri kuanguka, ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Umri hugusa mambo matatu kwa pamoja. Hatua ya kuota hufupika, kwa hiyo nywele hazifiki urefu wa zamani. Vinyweleo vingine husinyaa na kutoa unywele mwembamba zaidi kila vinapoanza upya. Na mafuta ya asili ya kichwani hupungua, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, hivyo hata unywele ambao haujabadilika umbo huanza kuhisika mkavu. Mvi nazo huja na tabia yake: nyingi huhisika ngumu na hazilali pamoja na wenzake. Haya yote huja polepole, kinyweleo kimoja baada ya kingine.

Homoni zina kasi zaidi. Wakati wa ujauzito estrojeni nyingi hurefusha hatua ya kuota, kichwa kinajaa. Baada ya kujifungua homoni hushuka, na nywele zilizokuwa zimechelewa kuanguka huanguka kwa pamoja, kwa kawaida miezi 2 hadi 4 baadaye. Tezi ya thairoidi, ile iliyoko mbele ya shingo, ikifanya kazi chini ya kiwango, nywele huwa kavu, ngumu na zenye kukatika. Ikifanya kazi kupita kiasi, huwa nyembamba na laini mno. Kukoma hedhi kunachanganya umri na homoni: estrojeni inapungua, nguvu ya homoni za kiume zilizomo katika kila mwili inajitokeza zaidi, na utosi ndio unaonyesha kwanza.

Dawa ndizo zenye tarehe iliyo wazi kuliko vyote, na kwa fundi hilo ni jambo jema, kwa sababu tarehe inapimika. Tibakemikali ya saratani inajulikana zaidi: nywele hudondoka wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza, na zinapoota upya mara nyingi huja na mikunjo ambayo mtu hakuwa nayo. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti inaweza kupunguza nywele au kuzifanya zijikunje. Dawa za chunusi kali na za ngozi za kundi la retinoidi zinaweza kuzikausha na kuzipinda. Vidonge vingine vya saratani vinavyolenga kipokezi cha ukuaji wa seli, kama erlotinibu, hutoa nywele zilizojikunja na zenye kukatika. Si kila anayetumia dawa hizi hupatwa na hali hiyo, na wawili wanaomeza dawa ileile wanaweza kuwa na vichwa viwili tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: ondoa kila kinachodanganya

Kabla ya kumlaumu umri, hakikisha badiliko limetoka ndani. Relaksa, blichi, rangi, pasi ya nywele na kusuka kwa kubana vyote hubadilisha unywele ulioko nje, na vyote huacha mpaka unaofanana na ule wa homoni. Uliza yote hayo kwa miaka 2 nyuma. Mtu aliyeacha relaksa mwaka jana ana mpaka kichwani, lakini kwake nywele mpya ndizo zake za asili, hazijabadilika chochote. Uliza pia kama amehama au amebadilisha maji ya kuogea, maana maji yenye chumvi nyingi za madini huacha utando unaofanya nywele zihisike kama waya. Utando huo huanzia nje, kwa hiyo hufunika unywele wote toka shina hadi ncha, na hapo huwezi kuona mpaka wowote.

Kisha osha kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, weka kondishena nyepesi, suuza yote itoke, na uache nywele zikauke zenyewe bila mafuta, bila jeli, bila mashine ya hewa moto na bila kuzivuta. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi huosha, hukausha kwa brashi huku akivuta, halafu anatafuta umbile la nywele ambalo amekwisha kulinyoosha mwenyewe.

Hatua ya pili: tafuta mpaka na usome aina yake

Keti mteja karibu na dirisha. Chagua sehemu tano: mstari wa mbele juu ya paji, utosini, panja ya kulia, panja ya kushoto, na kisogoni karibu na shingo. Kila sehemu chukua kishungi chembamba, unene wa njiti ya kiberiti, na ukipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada kuanzia shinani kwenda nchani. Fumba macho ikibidi. Vidole huhisi kabla ya macho kuona: mahali unywele unapotoka kwenye ukwaruzo kwenda kwenye ulaini, au kwenye mikunjo kwenda kwenye unyoofu, ndipo mpaka ulipo.

Utakutana na mojawapo ya hali tatu, na kila moja inasimulia habari yake.

Ya kwanza ni mpaka ulio juu ya unywele uleule. Unywele mmoja, aina mbili. Maana yake kinyweleo kilikuwa kinaendelea kuotesha, kikabadilika katikati ya kazi. Hii huashiria tukio lenye tarehe: dawa, ugonjwa, homoni kubadilika kwa haraka.

Ya pili ni nywele fupi mpya zilizosimama katikati ya ndefu. Zitazame ncha zake dhidi ya karatasi nyeupe. Ncha ikiwa imechongoka na kuwa nyembamba polepole, huo ni unywele mpya ambao haujawahi kukatwa. Ncha ikiwa butu au imechanika, huo ni unywele mrefu uliokatika, na tatizo lako ni uharibifu wa nje. Nywele mpya nyingi za urefu mmoja humaanisha kuna kundi kubwa lililoanguka kwa pamoja miezi kadhaa iliyopita, kama baada ya kujifungua, homa kali au upasuaji.

Ya tatu ni mchanganyiko usio na mpaka: unywele huu mgumu toka shina hadi ncha, jirani yake laini toka shina hadi ncha. Huo ndio mwendo wa umri na wa mvi. Kinyweleo kinamaliza unywele mmoja na kuanza mwingine wa namna tofauti, kila kimoja kwa wakati wake.

Tofauti hii ina thamani kubwa kwa mteja kuliko mkato wenyewe. Mtu wa makamo akiona nywele zimebadilika husema "ni uzee" na kuliacha hapo. Lakini uzee hauchori mstari. Ukiona mstari, kuna kitu kilichotokea.

Hatua ya tatu: geuza sentimita kuwa miezi

Nyoosha kishungi bila kukivuta kwa nguvu, weka utepe wa kupimia kuanzia kwenye ngozi, na uandike umbali hadi mpakani kwa kila sehemu kati ya zile tano. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Za kipilipili huota taratibu kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo sentimita 9 ni karibu miezi 9. Ongeza wiki mbili au tatu, kwa kuwa unywele hutengenezwa chini na huchukua muda kutokeza juu ya ngozi. Haya ni makadirio, kosa la mwezi mmoja au miwili ni la kawaida, na linatosha kwa kazi hii. Kichwa hicho kinafanya kazi ya kalenda.

Kwa nywele zilizoanguka na kuota upya, hesabu ni nyingine: chukua urefu wa nywele fupi mpya uugeuze miezi, kisha ongeza miezi kama 3 hadi 6, ili kufidia muda wa kupumzika kabla ya kuanguka na muda wa kinyweleo kuanza tena.

Ukishapata tarehe, uliza swali moja tu, kwa upole: "Kipindi kama hicho kulikuwa na badiliko lolote la afya au dawa?" Usianze kutaja magonjwa. Fundi wa nywele si daktari, na mteja hakuja kuchunguzwa.

Hata hivyo kuna mambo ya kumwambia mteja ayapeleke hospitali bila kungoja. Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kabisa, ngozi ya kichwa inayouma, inayotoa usaha au inayong'aa hadi vitundu vya nywele havionekani, na nywele zinazoanguka pamoja na uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wengine wako sawa, kubadilika uzito au kuvurugika kwa hedhi. Nyusi zikiwa zimepungua upande wa nje, theluthi ya mwisho kuelekea panja, nayo ni sababu ya kumshauri aulizie kipimo cha thairoidi. Ngozi inayong'aa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huenda kinyweleo kinakufa na kuacha kovu, na kovu halioti nywele tena.

Na kama chanzo ni dawa, mteja asiiache kwa sababu ya nywele. Akiacha ghafla dawa ya kifafa anaweza kupata degedege za mfululizo zinazohatarisha maisha. Aende kwa aliyemwandikia dawa, aseme nywele zimebadilika tangu lini, na vipimo vyako vya sentimita vitamsaidia kueleza.

Mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho

Mama wa miaka 56 alikaa kitini na malalamiko ambayo nayasikia mara kwa mara. "Mwanangu, uzee umeingia kichwani. Tangu mwaka jana nywele hazinisikii tena." Nywele zake zilikuwa za mawimbi mapana, zimekatwa kwa mstari mmoja hadi mabegani, mtindo alioupenda kwa miaka mingi. Sasa juu zilivimba pande zote, chini zikaning'inia nyembamba kama si za mtu yule. Hedhi ilikuwa imekoma zamani. Hana relaksa, hana rangi.

Vidole vilikuta mpaka mara moja, juu ya unywele uleule, mkali. Utosini ulikuwa sentimita 8, panja zote mbili 8.5, mbele na kisogoni 9. Urefu wote kisogoni, ukinyooshwa, ulikuwa sentimita 24. Maana yake sentimita 9 za karibu na ngozi zilikuwa pete za kukaza, na 15 za nje zilikuwa mawimbi ya zamani. Miezi 9 na wiki kadhaa. Nilipouliza, alifikiri kidogo kisha akasema ni kama miezi 10 tangu alipoanzishiwa dawa ya kifafa. Ilikuwa valproeti. Hakuna aliyemwambia kwamba nywele zinaweza kuguswa. Alimwona daktari wake, wakakubaliana kuendelea na dawa ileile kwa kuwa ilikuwa imetuliza kifafa. Basi pete zile zilikuwa za kukaa, na mkato ndio uliopaswa kusogea.

Kabla ya kugusa mkasi nilipima jambo moja zaidi: kujikunyata. Kishungi cha nywele mpya chenye sentimita 9 kikinyooshwa, kikiachwa kilirudi hadi 6. Kinapoteza theluthi moja. Nywele za zamani zilipoteza kidogo tu, 8 zikawa kama 7. Kipimo hiki ndicho huokoa machozi. Mteja huangalia kioo, hana habari na utepe.

Kulikuwa na njia ya kukata yote ya zamani siku hiyohiyo, abaki na sentimita 9 ambazo zingekaa kama 6. Kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote: safi, haraka, hakuna mpaka wa kuhangaika nao. Yeye hakuitaka, na uso wake haukuwa umezoea nywele fupi. Tukapanga safari nne, kila baada ya wiki 8.

Siku ya kwanza tulikata kisogoni kutoka 24 hadi 17, kwa kipimo cha kunyooshwa. Zilibaki 9 mpya na 8 za zamani. Wiki 8 baadaye mpya zilikuwa zimefika 11 na urefu wote 19, tukakata hadi 16. Wiki 8 nyingine, mpya 13, tukakata hadi 15, zikabaki 2 tu za zamani. Safari ya nne mpya zilifika 15, tukakata nyuzi za mwisho za mawimbi na kuacha 15 zilizo za aina moja toka shina hadi ncha. Kwa utepe, urefu wake ulicheza kati ya 15 na 19 tu baada ya mkato wa kwanza. Kwa kioo, ilikuwa habari nyingine: 17 za mchanganyiko zilikaa kama 13, lakini 15 za pete tupu zilikaa kama 10. Nilimwonyesha hilo kwa kidole kwenye taya yake siku ya kwanza kabisa, kwamba mwisho wa safari nywele zitaishia hapa, na akakubali akiwa anajua.

Hatua ya nne: namna ya kukata pale nywele mpya zinapojikunja zaidi

Umbo unalopambana nalo ni kichwa kilichojaa juu na mkia mwembamba chini. Kata zikiwa kavu, zikiwa zimekaa zenyewe. Zikiwa zimelowa, aina zote mbili hunyooka na kufanana, nawe utakata mstari mzuri ambao utavunjika dakika zikikauka.

Anza na ukingo wa chini, kisogoni, na uache sentimita 2 zaidi ya ulivyopanga. Kata kishungi kimoja kimoja bila kukibana kwa kichana. Kishike kwa vidole tu, mahali kilipoanguka. Ukishazunguka kichwa chote, rudi nyuma hatua mbili utazame, ndipo uondoe zile 2.

Utosini kuna mtego. Mkono unataka kupunguza ujazo kwa kukata tabaka fupi juu. Ukifanya hivyo ukiwa umevuka mpaka, unabaki na nywele mpya tupu zisizo na uzito wa kuzilaza, nazo zinasimama. Kwa safari ya kwanza acha tabaka fupi kuliko zote iwe ndefu kuliko mpaka kwa sentimita 3 hadi 4, ili kipande cha zamani kifanye kazi ya kuvuta chini. Kwa mama yule, mpaka wa utosini ulikuwa 8, tabaka ya juu ikaachwa 12. Punguza kipande hicho safari kwa safari.

Weka kando mkasi wenye meno. Ule hukata nywele chache kati ya nyingi, na kwenye nywele zilizogeuka ngumu kila unywele mfupi unaobaki ndani unasimama kama kisiki na kuwasukuma wenzake nje. Wiki tatu baadaye mteja ana ujazo mkubwa kuliko alioujia. Wembe nao uuache, kwani hukwangua gamba la nje la unywele ambao tayari ni mkavu, na ncha huchanika.

Kati ya safari na safari, mpaka ndio sehemu inayoshika mafundo, kwa sababu pete za juu hujisokota kwenye nyuzi zilizonyooka za chini. Chana zikiwa na kondishena, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani, na mkono mwingine ushike juu ya mpaka ili mvuto usifike shinani.

Pale nywele mpya zinaponyooka kuliko za zamani

Hali hii huja zaidi kwa waliomaliza tibakemikali. Nywele za kwanza ziliota na pete; baada ya miezi kadhaa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, vinyweleo vinarudi kwenye umbo lake la awali, na nywele zinazofuata zinanyooka. Si kwa wote, wengine hubaki na pete moja kwa moja. Umbo lake ni kinyume cha la mama yule: juu bapa, chini kumevimba, pembetatu.

Hapa cha kuondoa ni ncha, tena mapema. Pete zilizoko chini ndizo zinazobeba ujazo wote, na uzito wake unazidi kuibapiza juu. Kata ukingo wa chini uwe mfupi na wa mstari mmoja, hata ukiondoa nusu ya pete mara moja, na utosini uweke tabaka inayoishia karibu kabisa na mpaka, kwani nywele zilizonyooka hazitasimama kama zile za pete. Watu hawa wengi hawataki kukata hata sentimita, nami nawaelewa. Kila sentimita waliisubiri. Usiwaharakishe. Ondoa kidogo kisogoni tu, ambako hawajioni, mpaka watakapokuwa tayari.

Pale zinapopungua unene

Baada ya kukoma hedhi, pima mzunguko wa nywele zote zikikusanywa mkiani: mara moja shinani, mara moja sentimita 5 kabla ya ncha. Ncha zikiwa na chini ya nusu ya unene wa shinani, urefu ule haubebeki tena. Kata hadi pale unene unapoanza kujaa mkononi, kwa ukingo mmoja butu, bila tabaka ndefu. Tabaka huchukua nywele kutoka chini ambako tayari hazitoshi. Njia ya kichwa isogeze kidogo kutoka ilipozoea, kwa kuwa pale ndipo ngozi inapoonekana zaidi, na uiache iwe ya kupindapinda badala ya mstari ulionyooka.

Mvi ngumu zilizotawanyika hazina mpaka wa kufuata, kwa hiyo swali ni uzito tu. Zikiwa na sentimita 2 au 3 husimama wima. Ama ziwe fupi kuliko hapo, zikatwe kwa mashine kufuata kichwa, ama ziwe ndefu kutosha kulazwa na wenzake, na kwa nywele nyingi za namna hii hiyo ni kuanzia sentimita 7 au 8. Urefu wa katikati ndio unaowachosha watu.

Chanzo kikiondoka

Dawa ikibadilishwa, thairoidi ikitulia kwa matibabu, au mwili ukizoea hali mpya, mpaka wa pili unaweza kutokea nyuma ya ule wa kwanza. Usitarajie kuuona kabla ya miezi 2 au 3. Unywele unahitaji sentimita chache nje ndipo umbile lake lihisike. Tafuta kwanza panjani na kwenye mstari wa mbele, ambako nywele ni fupi na vidole hufika shinani kwa urahisi. Ukiuona, acha kufupisha tabaka za juu siku hiyohiyo, andika umbali na tarehe kwenye kadi ya mteja, na upange upya safari kwa kipimo kipya, ukikumbuka kwamba sasa nywele za kuondolewa ni zile ulizokuwa ukizilinda.